Jibu la muuzaji kwa mteja aliyelalamika hadharani

Maoni mabaya kwenye soko la mtandaoni ni lalamiko linalokaa palepale bidhaa inapouzwa. Mteja hutoa nyota moja au mbili, huandika mistari michache, na maneno yake hubaki chini ya picha ya bidhaa kwa muda wote tangazo litakapokuwa hewani. Masoko mengi humpa muuzaji nafasi ndogo chini ya maoni hayo ya kujibu. Jibu hilo husomwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mteja aliyelalamika, ambaye anataka haki yake. Wa pili ni mnunuzi anayekuja baadaye, ambaye hajui nani mkweli, naye anasoma ili aamue kama atatoa pesa yake au ataendelea kutafuta kwingine. Muuzaji anayemkumbuka mmoja tu kati ya hao wawili huandika jibu lenye upungufu. Akimkumbuka mteja peke yake huandika kama anayejibu ujumbe wa simu, na mpita njia haelewi kinachozungumzwa. Akimkumbuka mnunuzi mpya peke yake huanza kulisifia duka lake mbele ya mtu aliyeumia.

Kwamba majibu hayo yana athari si suala la kudhani. Watafiti Davide Proserpio na Georgios Zervas walichunguza hoteli za jimbo la Texas, Marekani, wakilinganisha maoni ya hoteli zilezile kwenye TripAdvisor, ambako wenye hoteli walikuwa na desturi ya kujibu, na kwenye Expedia, ambako kwa kawaida hawakujibu. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2017, hoteli zilizoanza kujibu zilipata maoni mengi zaidi kwa asilimia 12, na wastani wa nyota zao ukapanda kwa 0.12. Kiasi hicho ni kidogo kwa kukitazama, lakini kwenye soko linalopanga bidhaa kwa wastani wa nyota kinaweza kumvusha muuzaji hatua moja au mbili juu ya jirani yake. Jambo lenye faida zaidi kwa muuzaji lilikuwa jingine: baada ya hoteli kuanza kujibu, maoni mabaya yalipungua idadi lakini yakawa marefu zaidi. Mtu anayejua kwamba atajibiwa hatupi tena neno moja la hasira akaondoka. Hueleza kilichotokea, na maelezo hayo ndiyo malighafi ya kurekebisha kosa.

Namna jibu zuri linavyojengwa huonekana vizuri zaidi kwa kufuata lalamiko moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tuchukue mfano wa muuzaji wa viatu vya shule aliyeko Kariakoo, Dar es Salaam, anayeuza kupitia soko la mtandaoni na kutuma mizigo mikoani kwa basi. Ni Alhamisi jioni, wiki moja kabla ya Januari kuisha nusu, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Mama mmoja wa Mbeya anatoa nyota moja na kuandika hivi:

"Niliagiza viatu vyeusi vya shule namba 38, vimekuja vidogo, vidole vinagusa mbele. Mtoto anaripoti shule Jumatatu. Nimepiga simu mara tatu haipokelewi. Msinunue hapa."

Sentensi hizo chache zina malalamiko matatu, wala si moja. Kuna kiatu kisichoenea, kuna siku ya Jumatatu inayokaribia, na kuna simu isiyopokelewa. Muuzaji mwenye haraka huona la kwanza tu, kwa sababu ndilo linalohusu bidhaa. Kwa mteja, kilichomfanya aandike hadharani huenda ni lile la tatu. Kiatu kidogo ni tatizo la kawaida ambalo lingeisha kwa simu moja, lakini simu ilipokosa mpokeaji, akabaki na njia moja tu ya kusikika. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kujibu ni kusoma lalamiko taratibu na kuliandika upya kwa mafungu yake, ili lisibaki hata moja bila jibu.

Hatua ya pili hufanyika stoo, kabla neno lolote halijaandikwa. Muuzaji anafungua kumbukumbu ya oda na kuona kwamba kweli aliombwa namba 38 na kweli alituma jozi yenye namba 38 kwenye soli. Hapa ndipo wengi hukwama. Anajiona hana kosa, na kidole kinakwenda moja kwa moja kuandika: "Tumekutumia namba uliyoagiza." Badala yake anachukua rula na jozi nyingine ya aina ileile, anaitoa soli ya ndani na kuipima kutoka kisigino hadi ncha ya mbele. Inasoma sentimita 24.

Kipimo hicho kinaeleza kila kitu. Katika mfumo wa namba za viatu wa Ulaya, ambao ndio umeandikwa kwenye viatu vingi vinavyouzwa Afrika Mashariki, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Namba 38 kwa hesabu hiyo ni sentimita 25.3, na hicho ni kipimo cha umbo ambalo kiatu hutengenezewa juu yake, wala si cha mguu wenyewe. Mguu huhitaji nafasi ya sentimita moja hivi mbele ya vidole, kwa hiyo namba 38 huvaliwa na mtu mwenye mguu wa karibu sentimita 24. Kiatu chenye sentimita 24 ndani, hata kiandikwe nini kwenye soli, ni namba 36. Binti mwenye mguu wa sentimita 24 akikivaa, vidole lazima viguse mbele, sawasawa na alivyoandika mama yake. Kiwanda kilichobandika 38 kilikosea au kinatumia kipimo chake chenyewe, jambo ambalo halishangazi katika biashara ya viatu. Mteja hakukosea chochote.

Kwa hiyo kosa ni la nani? Muuzaji anaweza kusema ni la kiwanda, na angekuwa anasema kweli. Lakini mteja hakununua kiwandani. Alisoma tangazo lililoandikwa 38, akalipa kwa kuamini tangazo hilo, na tangazo ni la muuzaji. Aliyeweka namba bila kupima ndiye mwenye kosa kwa mteja, naye atadaiana na aliyemletea mzigo kwa wakati wake. Muuzaji anayeshindwa kuvuka hatua hii hataweza kuandika jibu la maana, kwa sababu kila sentensi yake itakuwa inavuta lawama pembeni.

Umuhimu wa kukubali kosa umewahi kupimwa. Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2016, waliligawa ombi la radhi katika sehemu sita: kuonyesha majuto, kueleza kilichoharibika, kukiri kuwajibika, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba kusamehewa. Kisha wakawauliza watu wapime radhi zenye sehemu tofauti. Sehemu iliyobeba uzito kuliko zote ilikuwa kukiri kuwajibika, yaani kusema kosa ni langu. Iliyofuata ilikuwa kujitolea kurekebisha. Ya mwisho kabisa, ambayo waliona inaweza hata kuachwa, ilikuwa kuomba kusamehewa. Hapo mtu akitazama majibu mengi ya wauzaji mtandaoni ataona yamejengwa kinyume. Yamejaa "tunaomba utusamehe" na "samahani kwa usumbufu", huku mambo mawili yenye uzito hayamo kabisa.

Jibu linaloonekana mara nyingi kuliko yote ni hili: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali njoo inboksi tukusaidie." Lina heshima, halina matusi, na muuzaji anaweza kudhani amemaliza kazi. Lakini usumbufu "uliojitokeza" haukusababishwa na mtu yeyote, umejitokeza wenyewe kama mvua. Mteja anaambiwa afanye kazi nyingine ya kutafuta inboksi wakati alishapiga simu mara tatu. Mnunuzi mpya anayesoma hapati jibu la swali lake pekee: nami nikiagiza 38, nitaletewa ipi? Jibu la aina hii likirudiwa neno kwa neno chini ya kila lalamiko, ubaya wake huongezeka, maana msomaji akiteremka chini anaona sentensi ileile mara kumi na kuelewa kwamba hakuna aliyesoma.

Muuzaji wa mfano wetu hafanyi hivyo. Ijumaa asubuhi anapima jozi zote zilizobaki za aina ile. Anagundua kwamba zilizoandikwa 40 zina sentimita 25.3 ndani, yaani hizo ndizo 38 halisi. Anampigia mama simu kwa namba nyingine, anamwomba radhi, na kumwomba jambo moja: amsimamishe binti juu ya karatasi, kisigino kikiwa kimeshikana na ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi na kupima kwa rula. Jibu linarudi sentimita 24. Jozi yenye sentimita 25.3 inafungwa, inapelekwa ofisi ya basi, na nauli ya mzigo inalipwa Dar es Salaam ili mpokeaji asidaiwe kitu. Basi linaondoka Jumamosi alfajiri na kufika Mbeya usiku. Baada ya kupata risiti ya mzigo ndipo muuzaji anapokaa chini kuandika hadharani:

"Mteja wetu, pole sana na samahani. Kosa ni letu. Viatu ulivyopokea vimeandikwa 38 lakini tumevipima na kukuta vina sentimita 24 ndani, ambayo ni namba 36. Tuliweka namba ya kiwandani kwenye tangazo bila kupima. Simu uliyopiga ni ya laini tuliyoacha kutumia. Tumeiondoa na kuweka inayopokelewa. Jozi yenye sentimita 25.3 imeshakabidhiwa basi la Jumamosi, nauli tumelipa sisi. Isipokutosha, pesa yako yote tunairudisha siku hiyohiyo. Jozi ya kwanza iache ofisi ya basi utakapochukua mpya, gharama ya kuirudisha ni yetu. Kuanzia leo kila namba kwenye tangazo hili ina urefu wa ndani kwa sentimita."

Jibu hili halifiki maneno mia moja, na kila sentensi ina kazi. Pole na samahani zinatangulia kwa sababu ndivyo watu waliolelewa vizuri wanavyozungumza, na katika Kiswahili pole humfikia mtu aliyepatwa na shida kabla ya kuulizwa nani alaumiwe. Kisha kosa linakiriwa kwa maneno matatu yasiyo na kona. Baada ya hapo panakuja maelezo, na ni muhimu kwamba yamekuja baada ya kukiri. Maelezo yanayotangulia kukiri husomwa kama utetezi, hata yakiwa ya kweli. Maelezo yanayofuata kukiri husomwa kama taarifa. Neno "kiwandani" limo, kwa kuwa ndiyo sababu yenyewe, lakini limewekwa ndani ya sentensi ambayo mtendaji wake ni muuzaji: tuliweka, bila kupima.

Sehemu ya simu ni fupi ila haikurukwa. Sehemu ya mzigo imeandikwa kwa wakati uliopita: imeshakabidhiwa, tumelipa. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya jibu linaloaminika na lisiloaminika. "Tutakutumia jozi nyingine" ni ahadi kutoka kwa mtu ambaye mteja hamwamini tena, na mnunuzi mpya hana njia ya kuipima. "Imeshakabidhiwa basi la Jumamosi" ni jambo ambalo mteja anaweza kulithibitisha akienda stendi, na asipolikuta atarudi kuandika. Muuzaji anayethubutu kuandika hivyo hadharani amejifunga mwenyewe, na wasomaji wanaliona hilo. Pale ambapo kazi haiwezi kumalizika kabla ya kujibu, siku na kiasi vinapaswa kutajwa badala ya neno "haraka": pesa itaingia Jumanne kabla ya saa kumi jioni, shilingi elfu thelathini na tano zote pamoja na nauli uliyolipa.

Sentensi ya mwisho haimhusu tena mama wa Mbeya. Yeye ameshapata viatu vyake, na sentimita za kwenye tangazo hazimsaidii kitu. Inamhusu mtu atakayesoma mwezi ujao. Kumtumia mteja mmoja jozi nyingine kunamaliza lalamiko moja. Kurekebisha tangazo kunaziba tundu ambalo lingetoa malalamiko mengine kumi. Wauzaji wengi huishia kwenye lile la kwanza, wakaridhika mteja akisema asante, kisha baada ya wiki mbili wanashangaa mtu mwingine akiandika kwamba viatu ni vidogo. Marekebisho ya kweli yapo kwenye chanzo, na kwa viatu chanzo ni maneno ya tangazo.

Kazi yenyewe si kubwa. Muuzaji hupima soli ya ndani ya jozi moja ya kila namba, na mzigo mpya ukiingia hupima tena, maana kundi jipya kutoka kiwanda kilekile linaweza kuja na vipimo tofauti. Kwenye tangazo huandika namba ya kwenye soli na pembeni yake sentimita za ndani. Chini yake huongeza maelekezo ya kupima mguu: usimame wima, kwa sababu mguu hurefuka ukibeba uzito, upime jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, upime miguu yote miwili na ufuate ulio mrefu, kisha uongeze sentimita moja. Kwa mtoto anayekua, wazazi wengi huongeza moja na nusu. Picha moja ya rula ikiwa juu ya soli ya ndani hushawishi kuliko aya nzima ya maelezo.

Mahali pa kujibia pana kanuni zake, na muuzaji asiyezijua anaweza kuharibu jibu zuri. Kwenye Etsy, soko la vitu vya kazi ya mikono, kwa muda mrefu kanuni imekuwa kwamba muuzaji akishajibu hadharani, mnunuzi hawezi tena kuhariri maoni yake. Mwenye duka huko hufanya vyema kumaliza tatizo kwa ujumbe wa faragha kwanza, ili mteja akiridhika aweze kubadilisha nyota zake mwenyewe. Amazon iliondoa mwezi Desemba 2020 nafasi ya wauzaji kuandika maoni chini ya tathmini za bidhaa. Wenye chapa zilizosajiliwa hubaki na njia ya kumwandikia mnunuzi aliyetoa nyota chache, kwa ujumbe ulioandaliwa na Amazon yenyewe. Kwenye ramani za Google mwenye biashara hujibu wazi na anaweza kurudi kuhariri jibu lake, kwa hiyo muuzaji aliyeahidi pesa Jumanne anaweza kuongeza sentensi Jumatano kwamba pesa imeshalipwa. Ni vizuri kufanya hivyo, na ni wachache wanaofanya.

Kuna mpaka mmoja ambao masoko makubwa yanaulinda kwa ukali: fidia haiuziwi nyota. Muuzaji anayemwambia mteja "futa maoni yako kwanza ndipo nirudishe pesa" amegeuza haki ya mteja kuwa rushwa. Amazon inakataza muuzaji kumwomba mnunuzi abadilishe au aondoe tathmini ya bidhaa, na inakataza kutoa pesa kwa ajili hiyo. Huko Marekani, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ilitoa mwaka 2024 kanuni inayopiga marufuku kutoa malipo kwa sharti kwamba maoni yawe ya kusifu au ya kuponda. Kwenye eBay mambo ni tofauti kidogo: muuzaji aliyekwisha kutatua tatizo anaruhusiwa kutuma ombi rasmi la kurekebishiwa maoni, lakini kwa kiwango cha maombi matano kwa kila maoni elfu moja aliyopokea kwa mwaka. Soko hilohilo liliondoa mwaka 2008 uwezo wa wauzaji kuwapa wanunuzi maoni mabaya, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakinyamaza na hasara zao kwa kuogopa kulipiziwa kisasi. Katika mfano wa viatu, mama wa Mbeya haombwi lolote. Akiona inafaa kuongeza mstari kwamba viatu vipya vimefika, ataongeza kwa hiari yake, na mstari wa namna hiyo una nguvu kwa kuwa haukuombwa.

Hatari nyingine ni kuanika habari za mteja. Muuzaji aliyekasirika huwa na kumbukumbu zote mkononi: jina kamili, namba ya simu, mtaa, muamala. Ni rahisi kuandika "dada fulani wa mtaa fulani, uliagiza mwenyewe tarehe fulani, na hii hapa meseji yako." Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taarifa ambayo mteja alitoa ili aletewe mzigo haikutolewa ili itangazwe. Hata mbali na sheria, mnunuzi mpya anayeona namba ya simu ya mtu imebandikwa hadharani hajiulizi nani alikuwa na haki. Anajiuliza kama siku moja itakuwa zamu yake. Jibu hutaja bidhaa, kosa na marekebisho, na kila kinachomtambulisha mtu hubaki kwenye simu na ujumbe wa faragha.

Si kila lalamiko ni la haki, na radhi ya uongo haimsaidii mtu. Kama kipimo cha stoo kingeonyesha sentimita 25.3 na tangazo lilikuwa na sentimita hizo tangu awali, muuzaji asingekuwa na kosa la namba. Angeandika pole kwa kuwa viatu havikutosha, angetaja kipimo kilichokuwa kwenye tangazo, na kueleza masharti ya kubadilisha: jozi isiyovaliwa nje, ndani ya siku alizoziandika, nauli ya nani. Simu isiyopokelewa bado ingebaki kosa lake, nayo angeikiri peke yake bila kuikuza. Mzigo ulioharibikia njiani ni suala jingine. Hapo msafirishaji ndiye aliyeharibu, lakini mteja hakumchagua wala hakumlipa moja kwa moja, hivyo muuzaji hurekebisha kwanza na kudai baadaye. Maoni yaliyoandikwa na mtu asiyewahi kununua huripotiwa kwa wasimamizi wa soko, na chini yake inatosha kuandika kwamba oda hiyo haionekani kwenye kumbukumbu, pamoja na namba ambayo mwandishi anaweza kupiga kama ni mteja kweli.

Muda nao una uzito wake. Jibu la ndani ya siku moja humkuta mteja bado na nafasi ya kuokolewa. Katika mfano huu, jibu la Jumanne lingekuwa radhi kwa binti aliyesharipoti shule na ndala. Hata hivyo, saa chache zinazotumika kupima stoo hazipotei. Muuzaji anayehitaji kuchunguza anaweza kumpigia mteja mara moja na kumwambia analifanyia kazi, kisha akajibu hadharani akiwa na kipimo mkononi. Kinachodhuru ni jibu la dakika tano lililoandikwa kwa hasira, kwa sababu hata likifutwa, mara nyingi picha yake huwa imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kama marekebisho yamefanya kazi, hujulikana kwa maoni yanayofuata. Muuzaji hurudi baada ya mwezi na kusoma yote yaliyoandikwa tangu siku alipobadilisha tangazo, akitafuta maneno matatu: ndogo, haitoshi, haipokelewi. Yakiwa yametoweka, tundu limezibwa. Neno "ndogo" likiendelea kuonekana, ama sentimita zimewekwa mahali ambapo wanunuzi hawazioni kwenye simu, ama kundi jipya la viatu halikupimwa. Zipo pia dalili za upande wa pili. Wanunuzi wakianza kuuliza kabla ya kuagiza, "38 yenu ni sentimita ngapi?", maana yake wamelisoma lile lalamiko na jibu lake, na wameamua kununua wakiwa na rula mkononi. Marejesho ya viatu hayataisha kabisa, kwa kuwa upana wa mguu na urefu wa juu ya kanyagio haupimwi kwa rula moja. Yatakayobaki ni machache, na yatakuwa ya sababu nyingine.

Upo pia wakati ambapo jozi kubwa haipo stoo, wala haitapatikana kabla ya Jumatatu. Muuzaji aandike hivyo kwa maneno hayohayo, arudishe pesa yote siku hiyo pamoja na nauli aliyolipa mteja, na kama anamfahamu muuzaji wa Mbeya mwenye viatu vilivyopimwa, amwelekeze mteja huko kwa simu.